"Yaani" ya kutoa na "yaani" ya kubakiza

Semesta hii makundi kadhaa ya ualimu yanatengeneza vipindi vya sauti kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Utaratibu ni ule ule: mnatafuta mtu mwenye jambo la kusimulia, mnamrekodi kwa simu, mnaandika alichosema, halafu mnakigeuza kuwa skripti ambayo mwenzenu mmoja ataisoma kwa sauti nzuri. Kurekodi hakuna shida. Shida inaanza pale mnapofungua ile nakala ghafi na kukuta mzee mliyemheshimu anaonekana kwenye karatasi kama mtu asiyejua anachosema. Kila baada ya maneno matatu kuna "aa", kuna "yaani", kuna sentensi imeanza ikaachwa njiani.

Mzee hana kosa. Wote tunaongea hivyo, na sikio limezoea kuyaruka hayo mambo. Jicho ndilo halijazoea. Kwa hiyo skripti lazima isafishwe. Ila usafi huo wengi wanaufanya kama kufagia uwanja, kila kinachoonekana takataka kinaondoka, na hapo ndipo mtu anaposemeshwa asichosema. Makala hii ni ya kuonyesha wapi pa kukata na wapi pa kuacha, nikitumia kipande kimoja cha kundi letu. Tulimrekodi mwalimu mstaafu akieleza darasa lake la kwanza la miaka ya sabini.

Kabla ya kukata chochote, andika kila kitu. Najua inachosha. Sikiliza mara moja mpaka mwisho bila kuandika, ili ujue anakoelekea, kisha rudi mwanzo upunguze kasi ya sauti hadi 0.75x na uandike neno kwa neno, pamoja na "aa" na "mm" zote. Kila baada ya dakika weka muda pembeni, mfano 03:00, ili ukibishana na wenzako mrudi kwenye sauti haraka. Faili hilo liite ghafi na usiliguse tena. Kazi yote ifanyike kwenye nakala yake. Atakayesafisha huku anaandika hatakuwa na pa kurudi akishtuka baadaye.

Kipande chenyewe hiki hapa, kama kilivyotoka:

"Aa, sasa mimi, mimi nilianza, nilianza kufundisha mwaka, aa, mwaka sabini na tatu, hapana, sabini na tano, kwa sababu lile Azimio la, la nanii, la Musoma lilikuwa limeshapita, si ndiyo? Lilipita sabini na nne. Sasa basi, darasa langu la kwanza lilikuwa na, walikuwepo watoto sitini, sitini na, kama sabini hivi, na madawati, yaani madawati yalikuwa kumi na, kumi na nane tu. Kwa hiyo walikuwa wanakaa watatu watatu, wengine, eh, wanne wanne, na waliobaki chini, chini kabisa, sakafuni. Na vile kitabu, vitabu, vitabu vyenyewe nadhani vilikuwa kumi. Yaani mnasoma kwa zamu. Sasa wewe mwalimu unafanyaje? Unasubiri. Unasubiri, unasubiri, huyu amalize, huyu naye apokee, mm, kipindi kimekwisha. Mnanielewa?"

Maneno 106. Tuanze na rahisi, zile sauti tupu: "aa", "eh", "mm". Hizi hazina maana ya kwao, zinamshikia msemaji nafasi tu wakati anatafuta neno. Zinatoka. Mmoja wetu alipendekeza tubonyeze Ctrl+H, tuandike "aa", na upande wa pili tuache patupu, kazi iishe kwa sekunde mbili. Kwa Kiswahili hilo ni balaa. Hiyo "balaa" yenyewe ingebaki "bal", "saa" ingebaki "s", "mmoja" ungegeuka "oja" ukifuta "mm", na "sehemu" ingekuwa "semu" ukifuta "eh". Kuna kisanduku cha "Find whole words only" kinachopunguza madhara hayo, na kwa hizi sauti tupu kinatosha. Lakini ukishafika kwenye maneno halisi ya kujazia, hakisaidii tena, maana kompyuta haijui "basi" ya kuvuta pumzi ni ipi na basi la abiria ni lipi.

Hapo ndipo kwenye utamu wa kazi. Maneno tunayojazia kwenye mazungumzo, yaani, sasa, basi, kwa hiyo, hivi, kama, tena, karibu yote yana kazi nyingine ya halali. Nenda kwenye kipande uangalie "yaani" mbili. Ya kwanza: "na madawati, yaani madawati yalikuwa". Hapo haifafanui kitu, imewekwa kati ya neno na marudio yake. Ya pili: "vitabu vyenyewe nadhani vilikuwa kumi. Yaani mnasoma kwa zamu." Hii inafanya kazi, inaeleza vitabu kumi maana yake nini kwa darasa lile. Ukiiondoa, msikilizaji anapata mambo mawili yaliyokaa pembeni mwa mwenzake bila kushikana. Ya kwanza itoke, ya pili ibaki.

Kipimo tulichokitumia ni chepesi. Soma sentensi ikiwa na neno hilo, isome tena ikiwa haina, kisha jiulize kama aliyesikia ya pili amejua kitu kile kile alichojua aliyesikia ya kwanza. Kama ni kile kile, toa. Kama kuna kilichopungua au kilichoongezeka, acha. "Sasa mimi nilianza" na "mimi nilianza" ni kitu kimoja, kwa hiyo "sasa" hiyo inatoka. Lakini "Sasa wewe mwalimu unafanyaje?" ni tofauti. Hapo "sasa" ndiyo inayokugeuza uangalie tatizo, bila hiyo swali linakuwa kavu kama la mtihani. Tuliiacha.

Kuna neno dogo ambalo watu hulitoa bila huruma, nalo ni "kama" inayokuja pamoja na "hivi". Mwalimu alisema "kama sabini hivi". Mtu wa kufagia ataona "kama" na "hivi" ni vijineno tu, ataandika "watoto sabini". Kumbe hapo mzee alikuwa anakwambia kwamba anakadiria. Ukiyatoa, umemfanya atoe idadi kamili ambayo hakuitoa, na kesho mtu ataikuta kwenye kipindi chenu na kuinukuu kwenye tasnifu yake. Vivyo hivyo na "nadhani vilikuwa kumi". "Nadhani" siyo uchafu, ni kiwango cha uhakika. Mimi msimamo wangu ni kwamba maneno ya kukadiria na ya kutokuwa na uhakika hayaguswi mpaka msemaji mwenyewe aseme yaguswe.

Na "hivi" ina mtego mwingine. Sehemu nyingine ya mahojiano mwalimu alisema "ubao wenyewe ulikuwa hivi tu", huku ametanua mikono. Kwenye nakala ghafi haieleweki, na kishawishi ni kuifuta. Ile "hivi" ilikuwa mikono yake. Aliyekuwepo kwenye chumba atakumbuka, na ataandika upana ule kwa maneno, akiuweka kwenye mabano ya mraba ili ijulikane kuwa ni nyongeza ya kuthibitishwa. Ndiyo maana anayesafisha inafaa awe mtu aliyekuwepo siku ya kurekodi, au akae karibu na aliyekuwepo.

Sasa twende kwenye sentensi zilizoanza zikaachwa. Wengi wanashika kanuni moja: msemaji akijirekebisha, chukua la mwisho. Kwenye ukweli wa mambo kanuni hiyo inafanya kazi. "Sabini na tatu, hapana, sabini na tano", tunachukua sabini na tano, na "hapana" inaondoka pamoja na kosa lake. "Sitini, sitini na, kama sabini hivi", tunachukua ya mwisho. "La, la nanii, la Musoma": "nanii" imepata jina lake, inaondoka. (Isipopata jina, msijaze kwa kubahatisha. Pigeni simu muulize. Nanii ya mzee wa miaka sabini na kitu inaweza kuwa mtu, mji au waziri.)

Lakini tazama kinachotokea mara tu ukiondoa ule mwaka wa kwanza. Sentensi inabaki hivi: "Nilianza kufundisha mwaka sabini na tano, kwa sababu Azimio la Musoma lilikuwa limeshapita." Isome tena. Inasema mzee aliingia kazini kwa sababu ya Azimio. Hakusema hivyo! Alikuwa anajieleza kwa nini anakataa sabini na tatu: anakumbuka Azimio lilikuwa limeshapita, kwa hiyo haiwezi kuwa mwaka ule. "Kwa sababu" ilikuwa imefungwa kwenye "hapana". Umeondoa "hapana", "kwa sababu" imeenda kujifunga kwenye kitu kingine, na sasa una historia mpya kabisa ya maisha ya mtu.

Hili ndilo kosa baya kuliko yote kwenye kazi hii, kwa sababu halionekani. Sentensi iliyotokea ni safi, inasomeka, na hata inaingia akilini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka lengo la watoto wote wa umri wa shule ya msingi kuwa shuleni ifikapo 1977, kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba mwalimu fulani aliingia kazini kwa ajili hiyo hatashtuka. Njia ya kuligundua ni kuchunguza viunganishi. Kila unapofuta kipande cha sentensi, angalia neno linalofuata. Kama ni "kwa sababu", "kwa hiyo", "lakini", "ndiyo maana" au "ila", simama uulize: hili lilikuwa limeshikana na nini? Kama lilishikana na ulichokifuta, nalo liondoke, na sehemu mbili zilizobaki ziwe sentensi mbili. Sisi tuliandika: "Mimi nilianza kufundisha mwaka sabini na tano. Azimio la Musoma lilikuwa limeshapita, lilipita sabini na nne."

Upande wa sarufi ile kanuni ya la mwisho inakwama tena. "Darasa langu la kwanza lilikuwa na, walikuwepo watoto..." Hapa mzee alianza na darasa, akahamia kwa watoto. Ukichukua la mwisho unapata "darasa langu la kwanza walikuwepo watoto", na upatanisho wa ngeli umevunjika. Mdomoni hilo linapita, skripti hailikubali, na msomaji wenu atajikwaa hapo hapo. Kuna njia mbili. Ama unaongeza "katika" mwanzoni ili "walikuwepo" ipate mahali pa kukaa, ama unarudi kwenye mwanzo wa kwanza, "lilikuwa na watoto". Tulichagua ya pili kwa sababu haituongezei neno ambalo mzee hakulisema. Kwa "vile kitabu, vitabu, vitabu vyenyewe" mambo yalikuwa mepesi, maana "vyenyewe" na "vilikuwa" zote zinadai wingi, kwa hiyo umoja ukaondoka na "vile" ukaondoka nao.

Ikiwa utajifunza jambo moja tu kuhusu marudio, liwe hili: Kiswahili kinatumia marudio kujenga maana. "Walikuwa wanakaa watatu watatu." Kuna mtu kwenye kundi aliona neno limeandikwa mara mbili, akakata moja. Ikawa "walikuwa wanakaa watatu". Yaani katika darasa la watoto sabini, waliokaa ni watatu! "Watatu watatu" maana yake ni watatu kwa kila dawati. Angalia pia "waliingia mmoja mmoja", "alilipa kidogo kidogo", "walisoma ukurasa kwa ukurasa". Hizo siyo kigugumizi. Unatofautishaje? Sikiliza sauti. Mtu anayetafuta neno hukatika kati ya neno la kwanza na la pili, sauti inabaki juu kama inangoja, "nilianza... nilianza kufundisha". Mtu anayejenga maana huyasema mawili kwa pumzi moja. Hii haionekani kwenye maandishi kabisa, ndiyo maana anayekata lazima awe na spika za masikioni na sauti iko wazi mbele yake.

Marudio ya tatu ni ya mkazo, na hapo hakuna sheria, kuna sikio tu. "Chini, chini kabisa, sakafuni": tuliacha "chini kabisa, sakafuni" tukatoa "chini" ya kwanza. Lakini "Unasubiri. Unasubiri, unasubiri" tuliiacha yote mitatu. Kuna mwenzetu alitaka ibaki moja, akidai skripti ya dakika tano haina nafasi ya kusubiri. Hoja yake ina uzito. Mimi naona lile ndilo darasa lenyewe, kitabu kikitembea toka mkono huu kwenda ule na mwalimu amesimama, na hakuna namna fupi ya kulisema ambayo ni bora kuliko alivyolisema yeye. Tulipiga kura, ikabaki.

Vile viswali vya pembeni, "si ndiyo?", "mnanielewa?", vilielekezwa kwetu tuliokuwa tumekaa mbele yake. Msikilizaji wa kipindi hayupo kwenye kile chumba. Vinatoka.

Basi kipande kikawa hivi:

"Mimi nilianza kufundisha mwaka sabini na tano. Azimio la Musoma lilikuwa limeshapita, lilipita sabini na nne. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto kama sabini hivi, na madawati yalikuwa kumi na nane tu. Kwa hiyo walikuwa wanakaa watatu watatu, wengine wanne wanne, na waliobaki chini kabisa, sakafuni. Vitabu vyenyewe nadhani vilikuwa kumi, yaani mnasoma kwa zamu. Sasa wewe mwalimu unafanyaje? Unasubiri. Unasubiri, unasubiri, huyu amalize, huyu naye apokee. Kipindi kimekwisha."

Maneno 70. Theluthi nzima imeondoka, na mzee bado anasikika ni yeye. Utaona namba tumeziacha kwa maneno, kwa sababu skripti inasomwa kwa sauti na msomaji akikuta tarakimu ghafla anasita. Utaona pia hatukubadilisha "mnasoma" kuwa "walisoma", ingawa mwalimu wa sarufi angetaka hivyo. Mzee alihama kutoka kuelezea wakati ule hadi kuuingia, na "kipindi kimekwisha" inategemea kuhama huko. Kusafisha siyo kusanifisha. Akisema "mtoto anakuja na kidumu cha maji", usimpe "mwanafunzi huwasili na chombo".

Urefu wa kipindi pimeni wenyewe. Yale makadirio ya maneno kwa dakika mtakayoyakuta kwenye vitabu vya Kiingereza hayatawafaa, maana neno letu moja mara nyingi hubeba mzigo wa maneno kadhaa ya kwao: "nilimwambia" ni neno moja, ndani yake kuna mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Mpeni msomaji wenu ukurasa, mumwekee saa ya dakika moja, hesabuni maneno aliyoyamaliza, kisha zidisheni kwa dakika za kipindi. Wakati anasoma, shikeni kalamu. Kila anapojikwaa mara mbili mahali pamoja, mara nyingi kuna mshono uliokatwa vibaya, na mtarudi kwenye ghafi kuangalia.

Tahadhari moja kwa walioanza tasnifu. Haya ni ya skripti. Kama utafiti wako unachunguza jinsi watu wanavyoongea, zile "aa" na zile sentensi zilizokatika ndizo data zenyewe, usiziguse. Na hata kama unachunguza mambo mengine, muulize msimamizi wako anataka nakala ya aina gani kabla hujaanza kufuta.

Kabla ya kurekodi tulirudi kwa mwalimu na skripti iliyochapwa kwa herufi kubwa, tukamsomea polepole. Alisikiliza macho yamefumba. Tulipofika kwenye vitabu akanyanyua kidole. "Hiyo nadhani itoeni, wanangu," akasema. "Nilimpigia mwenzangu tuliyefundisha naye. Vilikuwa kumi na viwili." Tukabadilisha kwenye skripti, tukaandika tarehe ya mabadiliko pembeni, na faili la ghafi likabaki na kumi yake.